Kurekodi sauti kwa simu

Kurekodi sauti kwa simu ni kazi ya kusoma matini kwa sauti na kuihifadhi kwa kutumia simu ya mkononi, ili irushwe redioni kama tangazo, ipigwe kwenye spika za mtaani, au isikilizwe kama kitabu cha sauti. Anayeifanya huitwa msomaji au msimulizi. Makala hii inaeleza kazi hiyo inavyofanyika katika nyumba ya kawaida ya mjini. Mfano wake ni Sombetini, kata ya Jiji la Arusha nchini Tanzania, ambako nyumba zimesongamana na nyingi zimeezekwa kwa mabati.

## Historia fupi

Utangazaji wa redio nchini Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo cha Sauti ya Dar es Salaam. Baada ya uhuru redio iliendelea kuwa ya umma, na kwa miaka mingi tangazo lilirekodiwa studio za redio na watangazaji wenyewe. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu vituo binafsi, na Redio One ilianza kusikika mwaka 1994. Vituo vilienea hadi mikoani, Arusha ikiwemo, na mahitaji ya sauti za matangazo yakaongezeka kuliko watangazaji waliokuwepo.

Simu zenye maiki nzuri ziliondoa kikwazo cha vifaa. Hazikuondoa kikwazo cha chumba, na hapo ndipo rekodi nyingi za nyumbani zinapoharibikia.

## Chumba

Maiki haichagui. Hunasa sauti ya msomaji, na pia sauti ileile inaporudi kutoka ukutani, darini na sakafuni. Katika chumba cha kuta za saruji, sakafu ya simenti na bati lisilo na dari, sauti hurudi kwa nguvu. Sikio la mtu aliye chumbani huzoea mwangwi huo na kuupuuza, lakini msikilizaji wa redio huusikia mara moja na kusema kwamba mtu huyu "anaongea ndani ya pipa". Njia rahisi ya kupima ni kupiga kofi moja katikati ya chumba. Kofi likikatika palepale, chumba kinafaa. Likiacha mlio mfupi kama wa waya, hakifai bado.

Mwangwi hupunguzwa na vitu vinene na laini. Kanga iliyotundikwa ukutani haisaidii sana, kwa sababu ni nyepesi na sauti hupita na kurudi. Godoro lililosimamishwa nyuma ya msomaji, blanketi zito lililokunjwa mara mbili mbele yake, na kabati la nguo lililofunguliwa pembeni hufanya kazi kubwa zaidi. Godoro huwekwa nyuma ya msomaji kwa sababu upande wa maiki unaopokea sauti humwelekea yeye, hivyo ukuta ulio mgongoni kwake ndio unaorudisha mwangwi moja kwa moja ndani ya simu. Watu wengi hufanya kinyume: huziba ukuta wa mbele na kuacha wa nyuma wazi.

Kelele za nje ni jambo jingine, na godoro haliziondoi. Sombetini mchana kuna bodaboda, mafundi wa kuchomelea, redio za majirani na spika za wauzaji. Alfajiri huanza jogoo na adhana. Muda unaobaki kwa kawaida ni usiku, baada ya watu kulala, isipokuwa mbwa wakianza. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikigonga bati ni vigumu kwa programu kuitenganisha na sauti ya mtu bila kuiharibu sauti yenyewe. Kazi huahirishwa. Msomaji mwenye mkataba wa tarehe hupanga hivyo mapema, na katika miezi hiyo hakubali kazi ya kukabidhi siku inayofuata.

Kabla ya kusoma, hurekodiwa sekunde 10 za ukimya. Mita ya programu ya kurekodi huonyesha ukubwa wa sauti kwa desibeli, ambapo sifuri ni kilele na namba zote zilizo chini yake ni hasi. Ukimya ukisoma karibu na −60, chumba ni kizuri sana. Ukisoma −50 unafaa kwa tangazo litakalowekewa muziki chini yake, lakini si kwa kitabu, kwani msikilizaji wa kitabu hukaa na ukimya huo kwa saa nyingi. Ukisoma −40, kuna kitu kinachonguruma. Mara nyingi ni friji, feni au chaja iliyoachwa kwenye simu.

## Simu na mdomo

Maiki kuu ya simu nyingi iko chini, karibu na tundu la chaja. Anayeishika simu kama anayepiga picha huielekeza maiki hiyo pembeni bila kujua. Simu huwekwa juu ya kitu kilichotulia, kwa mfano rundo la vitabu lililofunikwa taulo, upande wake wa chini ukimwelekea msomaji. Haishikwi mkononi, kwa sababu kila kidole kinachosogea kwenye kava husikika kama ngurumo ndogo.

Umbali unaofaa ni sentimita 15 hadi 20, yaani karibu shibiri moja. Sababu yake ni ya kifizikia. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapopungua kwa nusu, sauti inayofika moja kwa moja huongezeka kwa desibeli 6 hivi, ilhali mwangwi wa chumba na kelele za nje hubaki vilevile. Msomaji aliyesogea kutoka sentimita 60 hadi 15 amepunguza umbali kwa nusu mara mbili, na sauti yake imepanda desibeli 12 juu ya kelele bila kununua chochote. Hakuna kifaa cha bei nafuu kinachofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Akisogea zaidi ya hapo, pumzi inaanza kuipiga maiki. Herufi "p" na "b" hutoa mlipuko mdogo wa hewa, na maneno kama "punguzo", "bei poa" na "papo hapo", ambayo matangazo hayawezi kuishi bila hayo, husikika kama mtu anayegonga meza. Dawa yake ni kuiweka simu pembeni kidogo ya mdomo, ili hewa ipite kando wakati sauti inaifikia maiki.

Ukubwa wa sauti hurekebishwa hadi vilele vya maneno yenye nguvu vifike kati ya −12 na −6. Vikigusa sifuri, sauti hupasuka na hairudishiki. Iliyorekodiwa chini kidogo huweza kupandishwa baadaye, iliyopasuka hutupwa. Simu huwekwa kwenye hali ya ndege, kwani simu inayoingia hukatisha rekodi.

Mahali palipo na nafasi ya kuchagua, faili huwa la WAV, lenye sampuli 44,100 kwa sekunde na njia moja ya sauti. Dakika moja ya faili hilo huchukua megabaiti 5 hivi. Kwenye simu za iPhone, programu ya Voice Memos hubana sauti isipochaguliwa "Lossless" katika mipangilio yake. Kwenye Android, programu iliyokuja na simu hutofautiana kulingana na mtengenezaji, hivyo mipangilio hukaguliwa kwanza.

## Tangazo la sekunde 30

Muda wa redio huuzwa kwa sekunde, na tangazo la kawaida ni la sekunde 30. Msomaji wa Kiswahili asiyekimbia hutamka silabi 5 hadi 6 kwa sekunde. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo sekunde 30 hubeba maneno 50 hadi 60 tu. Wateja wengi huleta 90. Kulisoma tangazo hilo haraka zaidi hakusaidii, kwa sababu msikilizaji aliye kwenye daladala halisomi, analisikia mara moja likapita.

Mfano ni duka la pembejeo lililo jirani na soko la Mbauda, linalotaka kutangaza mbegu kabla ya mvua. Matini yake yanaweza kuwa hivi:

"Mkulima, masika hayo yanabisha hodi. Mbegu ya mahindi umeshaiandaa? Fika dukani kwetu, mkabala na soko la Mbauda. Mfuko wa kilo mbili ni shilingi elfu kumi na nne tu. Tunafungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Usingoje mvua ikukute na jembe mkononi. Njoo leo, upande mapema."

Hayo ni maneno 51, yenye silabi zinazokaribia 135. Kwa mwendo wa kawaida ni sekunde 24 au 25, na zilizobaki huliwa na vituo kati ya sentensi. Limejaa. Mteja akiomba namba ya simu iongezwe, tarakimu 10 zikisomwa mojamoja huchukua sekunde 5, na namba isiyorudiwa mara mbili haikumbukwi na mtu, kwa hiyo ni sekunde 10. Jambo moja lazima litoke. Hapa sentensi ya saa za kufungua ndiyo ndefu kuliko zote, nayo inaweza kuondolewa, kwa kuwa kila mtu anatarajia duka liwe wazi mchana. Sekunde 7 zinapatikana, na zilizopungua hupatikana kwa kufuta sentensi ya jembe. Mazungumzo haya hufanywa kabla ya kurekodi. Mteja aliyekwisha kusikia tangazo lake hukubali kwa shida kulipunguza.

Tarakimu ndizo zinazodanganya zaidi katika hesabu. Kwenye karatasi "Sh 14,500" ni kitu kidogo, mdomoni ni maneno manane: shilingi elfu kumi na nne na mia tano. Saa nazo huandikwa na baadhi ya wateja kwa mtindo wa Kizungu, kama 08:00, na msomaji aliyechoka husema "saa nane". Wanunuzi watafika mchana. Kwa sababu hiyo matini hunakiliwa upya, namba zote zikiwa zimeandikwa kwa maneno, kabla ya simu kuwashwa.

Matamshi hukaguliwa pia. Tofauti ya "th" na "dh" hupotea katika mazungumzo ya mitaani, lakini katika tangazo inaweza kugharimu. "Tunakuthamini" ni neno la heshima kwa mteja, ilhali "tunakudhamini" ni ahadi ya kumbebea deni lake. Mkazo nao hubadilisha maana: "barabara" yenye mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia, na yenye mkazo kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho ni "sawasawa". Majina ya mahali huulizwa kwa wenyeji. Msikilizaji wa Arumeru husamehe mengi, ila si jina la kijiji chake kutamkwa vibaya.

Msomaji hurekodi tangazo zima mara tatu au nne, akibadilisha mwendo kidogo, kisha huchagua. Kituo cha redio kwa kawaida hupendelea kupata sauti kavu, yaani isiyo na muziki, ili fundi wake aiwekee muziki anaoruhusiwa kuutumia.

## Matangazo ya mtaani

Tangazo la spika, linalopigwa kwenye gari la matangazo au meza ya muuzaji kwa kutumia flashi, lina masharti yake. Spika ya tarumbeta haitoi sauti nzito wala nyembamba sana, hutoa ya katikati tu. Sauti nzito ya kiume inayopendeza kwenye hedifoni hupotea humo na kubaki mnong'ono. Msomaji hutamka konsonanti kwa nguvu zaidi, husoma polepole kuliko redioni, na huacha vituo virefu, kwa sababu mtaani sauti hugonga kuta na neno moja hufika likiwa juu ya lingine. Rekodi hujaribiwa kwa kupigwa kwenye spika ndogo ya simu ya bei nafuu, ikiwa imewekwa chumba cha pili. Neno lisiloeleweka hapo halitaeleweka sokoni.

Matangazo ya misiba husomwa kwa mwendo huohuo wa polepole, bila kupandisha sauti mwishoni mwa sentensi. Majina ya marehemu na ya ukoo husomwa mbele ya mwanafamilia kwanza.

## Kitabu cha sauti

Kitabu hutofautiana na tangazo kwa jambo moja kubwa: lazima sauti ya ukurasa wa mwisho ifanane na ya ukurasa wa kwanza. Kwa mwendo wa maneno mawili kwa sekunde, saa moja hubeba maneno 7,000 hivi, na riwaya ya maneno 40,000 itakuwa na saa 5 na nusu. Hakuna anayeisoma kwa siku moja. Sauti ya binadamu hubadilika asubuhi na jioni, baada ya kula, na zaidi wakati wa baridi ya Juni na Julai chini ya Mlima Meru, mafua yanapokuwa mengi. Msomaji huchagua saa moja ya siku na kuishikilia, huweka alama ya utepe mezani pale simu inapokaa na sakafuni pale kiti kinapokaa, na kabla ya kuendelea husikiliza dakika ya mwisho ya kikao kilichopita ili aingie kwa mwendo uleule.

Makosa hayasimamishi rekodi. Msomaji akikosea, hupiga kofi moja, hurudi mwanzo wa sentensi na kuendelea. Kofi huonekana kwenye mchoro wa sauti kama mwiba mrefu, na wakati wa kuhariri makosa hupatikana kwa macho bila kusikiliza saa nzima. Hata hivyo, saa moja ya kitabu kilichokamilika huweza kudai saa 5 au 6 za kazi, ukihesabu kusoma, kukata na kusikiliza tena. Bei inayopangwa kwa kuhesabu saa ya kusoma pekee huwa ya hasara.

Uhariri hufanywa kwenye simu au kwa kompyuta yenye programu ya bure ya Audacity. Kelele ndogo ya kudumu hupunguzwa kwa kuionyesha programu zile sekunde 10 za ukimya, kisha kuiamuru iondoe kitu hicho kwa desibeli 6 hadi 12. Ikiondolewa zaidi, sauti huanza kulialia kama ya mtu aliye chini ya maji, hasa mwishoni mwa maneno. Kelele kidogo ni bora kuliko dalili hiyo.

Wachapishaji huwa na vipimo vyao. Jukwaa la ACX, linalopeleka vitabu Audible, hutaka sauti ya wastani iwe kati ya −23 na −18, vilele visizidi −3, ukimya usizidi −60, na kila sura iwe faili la MP3 lisilozidi dakika 120. Jukwaa hilo hupokea wakazi wa nchi chache tu, hivyo msomaji aliyeko Arusha hawezi kujisajili, lakini vipimo hivyo vinafaa kama kigezo cha kujipima. LibriVox, iliyoanzishwa mwaka 2005, hupokea wasomaji wa kujitolea kutoka popote, kwa vitabu vilivyokwisha muda wa hakimiliki. Haina malipo.

## Kukabidhi kazi

Rekodi nzuri huweza kuharibika katika hatua ya mwisho. WhatsApp ikipewa ujumbe wa sauti huubana sana ili usile bando, na fundi wa redio hupata sauti iliyofifia kama ya simu. Faili hutumwa kwa kuchagua "Document", ambapo hufika lilivyo. Tangazo la sekunde 30 la WAV ni chini ya megabaiti 3, kwa hiyo hakuna sababu ya kulibana. Jina la faili huonyesha mteja, tarehe na toleo. Faili linaloitwa "mpya final 2" limewahi kurusha bei ya zamani hewani zaidi ya mara moja.

## Haki

Nchini Tanzania mambo haya yanasimamiwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi husika ni COSOTA. Zanzibar ina sheria yake. Hakimiliki ya kitabu hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kununua nakala dukani hakumpi mtu ruhusa ya kuirekodi na kuiuza. Ruhusa huombwa kwa mwenye haki, ambaye anaweza kuwa mwandishi, warithi au mchapishaji. Kitabu kilichotafsiriwa kina haki mbili: mwandishi wa awali anaweza kuwa amekufa zamani, lakini mfasiri akawa hai, na tafsiri ni yake.

Msomaji naye ana haki katika usomaji wake, ambazo sheria huziita hakishiriki. Ugomvi mwingi hutokana na makubaliano ya mdomo yaliyotaja bei peke yake. Tangazo lililolipiwa kwa mwezi mmoja kwenye kituo kimoja hukutwa mwaka unaofuata likipigwa kwenye magari na mitandaoni, na sauti ileile imekatwa na kuunganishwa na bei mpya. Hata ujumbe mfupi wa simu uliojibiwa "sawa" unatosha kuwa ushahidi wa kuanzia, mradi umetaja mambo manne: sauti itatumika wapi, kwa muda gani, kama mteja anaruhusiwa kuikata na kuiunganisha upya, na marudio mangapi ya kurekodi yamo ndani ya bei. Kosa la msomaji hurekebishwa bure. Mteja akibadilisha matini baada ya kuyaidhinisha, hiyo ni kazi mpya.